Jinsi ya Kuthibitisha Kwamba Runinga Inapokea Kweli Hezi 120 Kutoka PS5

Namba 120 inapoandikwa kwenye boksi la runinga inaweza kuwa na maana tatu zisizofanana, na wauzaji wengi hawazitenganishi. Maana ya kwanza ni kwamba tundu la HDMI linakubali ishara ya picha 120 kwa sekunde. Maana ya pili ni kwamba kioo chenyewe kinaweza kubadilisha picha mara 120 kwa sekunde. Maana ya tatu, ambayo ndiyo inayowaumiza wanunuzi, ni kwamba namba hiyo ni jina la biashara la mfumo wa kulainisha mwendo, mfumo ambao hutengeneza picha za ziada ndani ya runinga na ambao hauhusiani na kinachotoka kwenye konsoli.

Kwa hiyo upimaji una maswali matatu, na kila swali lina shahidi wake: runinga inadai nini, konsoli inatuma nini, na kioo kinaonyesha nini. Nimechagua PS5 kwa sababu ndiyo ninayoombwa kuiunganisha mara nyingi hapa Dodoma, lakini nitagusia Xbox mahali inapotofautiana.

Kwanza liondolewe kosa moja la kawaida. Watu wengi hupima runinga mpya kwa mchezo wa mpira, kwa sababu ndio mchezo uliopo kwenye konsoli ya kila kibanda cha gemu. Mchezo kama FIFA 23 kwenye PS5 hutoa fremu 60 kwa sekunde, hivyo hata runinga bora kuliko zote dukani itaonyesha 60 ukiwa ndani yake. Konsoli haipandishi ishara mpaka mchezo uiombe. Tafuta mchezo unaotoa fremu 120 na usiolipiwa. Fortnite unafaa, mradi uupakue nyumbani mapema kwa sababu ni mzito na bando la simu halitakutosha ukiwa dukani.

Kuandaa konsoli

Fungua Settings, kisha Screen and Video, kisha Video Output. Hapo kuna mambo manne ya kuweka sawa. Resolution iwe Automatic. Mstari wa 120 Hz Output, ambao katika matoleo ya zamani ya programu uliitwa Enable 120 Hz Output, nao uwe Automatic. Mstari wa 4K Video Transfer Rate uwe Automatic pia. Mtu aliyewahi kuuweka -1 au -2 ili kuondoa tatizo la picha kwenye runinga ya zamani huwa ameusahau, na runinga mpya hulaumiwa bure. VRR, yaani mfumo unaoifanya runinga ifuate kasi ya mchezo inayobadilikabadilika, uzimwe kwa muda wa kipimo, kwa sababu ukiwa umewashwa utavuruga hesabu tutakayoifanya mwishoni kwa kamera.

Kisha nenda Saved Data and Game/App Settings, ingia Game Presets, na pale palipoandikwa Performance Mode or Resolution Mode chagua Performance Mode. Michezo mingine hufuata chaguo hili, mingine huwa na swichi yake ya ndani. Fortnite una swichi yake: ingia kwenye mipangilio ya video ya mchezo na uwashe 120 FPS Mode. Swichi hii ikizimwa, kazi yote inayofuata haina maana.

Kwenye Xbox Series X au S njia ni fupi zaidi: Settings, General, TV & display options, kisha chini ya Refresh rate chagua 120 Hz. Ukurasa wa 4K TV details utakuonyesha orodha ya yale ambayo runinga imesema inayaweza.

Shahidi wa kwanza: dai la runinga

Rudi kwenye Video Output ya PS5 na ufungue Video Output Information. Ukurasa huu una sehemu mbili, na tofauti kati ya sehemu hizo ndiyo roho ya kipimo chote. Sehemu moja inaeleza kifaa kilichounganishwa, yaani yale ambayo runinga imejitangaza kuwa inayaweza. Nyingine inaeleza ishara inayotumwa wakati huo huo unapousoma.

Tangazo la runinga husafiri ndani ya waya wa HDMI kupitia nyuzi za polepole zilizotengwa kwa mazungumzo kati ya vifaa viwili. Nyuzi hizo hufanya kazi hata kwenye waya dhaifu. Ndiyo maana unaweza kuona kwamba runinga inakubali 3840 x 2160 kwa hezi 120, ukafurahi, wakati waya ulionao hauwezi kamwe kubeba picha hiyo. Sehemu hii isomwe kama maneno ya mtu anayejieleza mwenyewe: ni ya kusikilizwa, lakini haitoshi.

Ikiwa hezi 120 hazitajwi kabisa katika sehemu hii, usikimbilie kurudisha runinga. Angalia kwanza tundu. Runinga nyingi zenye matundu manne ya HDMI zina mawili tu yanayokubali picha ya 4K kwa hezi 120, na kwa kawaida yameandikwa kando yake, 4K 120Hz au maneno yanayofanana na hayo, kwa herufi ndogo zinazohitaji tochi ya simu. Katika baadhi ya runinga mojawapo ya matundu hayo mawili ndilo pia lenye maandishi ya eARC, linalotumiwa na spika ndefu ya chini ya runinga, hivyo mwenye konsoli mbili na spika hiyo atalazimika kuchagua.

Kisha angalia menyu ya runinga, kwa sababu hata tundu sahihi linaweza kuwa limefungwa kiwandani ili vifaa vya zamani visisumbuke. Kila kampuni imeipa swichi hii jina lake. Kwenye Samsung tafuta Input Signal Plus; kwenye LG tafuta HDMI Deep Colour; kwenye Sony tafuta HDMI signal format, ambapo Standard ndiyo inayobana na Enhanced ndiyo inayofungua. Kwenye runinga za kampuni nyingine tafuta maneno HDMI format au HDMI mode katika mipangilio ya matundu ya kuingizia. Swichi huwekwa kwa kila tundu peke yake, na ukihamisha waya kwenda tundu lingine lazima uifungue ya huko nako. Baada ya kuibadilisha, zima konsoli na uiwashe upya. Konsoli husoma tangazo la runinga wakati wa kuunganishwa, na isipoanza upya inaweza kuendelea kushikilia tangazo la zamani.

Shahidi wa pili: ishara inayotumwa

Sasa anzisha Fortnite, ingia kwenye mchezo wenyewe, kisha ubonyeze kitufe cha PS, urudi mwanzo bila kuufunga mchezo, na ufungue tena Video Output Information. Safari hii soma sehemu ya ishara ya sasa, na usome namba zote mbili, ukubwa wa picha pamoja na kasi.

Kuna majibu matatu yanayotokea zaidi. Ukiona 3840 x 2160 na 120Hz, ishara kamili inatoka. Ukiona 3840 x 2160 na 60Hz, ama mchezo haujaomba fremu 120, ama mojawapo ya swichi tulizozitaja bado imefungwa. Jibu la tatu ndilo lenye ujanja: 1920 x 1080 na 120Hz. Hapa konsoli imekuta kwamba njia haipitishi vyote viwili, ikapunguza ukubwa wa picha ili kulinda kasi. Mwendo utakuwa laini, mtu aliyekaa mbali hataona tofauti kubwa, na muuzaji atasema kwa haki kabisa kwamba hezi ni 120. Lakini picha ina robo tu ya pikseli za 4K.

Sababu ya kushuka huko iko kwenye uwezo wa njia. HDMI ya toleo la 2.0 hubeba hadi gigabiti 18 kwa sekunde, kiasi kinachotosha 4K kwa hezi 60 au 1080 kwa hezi 120, lakini si 4K kwa hezi 120 kwa namna PS5 inavyoituma. Toleo la 2.1 lililotangazwa mwaka 2017 linafika gigabiti 48, na PS5 yenyewe hutumia hadi 32. Kwa sababu ya kikomo hicho cha 32, usishangae kuona mstari wa rangi umebadilika kutoka RGB kuwa YUV422 mara hezi zinapofika 120 pamoja na HDR. Konsoli imepunguza taarifa za rangi ili picha ienee, na hiyo si hitilafu ya runinga.

Bonyeza pia kitufe cha taarifa kwenye rimoti. Runinga nyingi zitaonyesha ukubwa na kasi ya ishara zinayoipokea, na kwenye Samsung za miaka ya karibuni ukurasa wa gemu unaoitwa Game Bar hufanya kazi hiyo vizuri. Pale konsoli na runinga zinapotaja namba ileile, suala la ishara limekwisha. Pale zinapotofautiana, mara nyingi kuna kitu katikati: spika, kigawanyaji cha HDMI, au kifaa cha kurekodi. Kitoe chote, unganisha konsoli na runinga moja kwa moja, na upime upya kabla ya kusema neno lingine.

Waya

Waya wenye uthibitisho una jina moja tu, Ultra High Speed HDMI Cable, limechapishwa juu ya waya wenyewe, na pakiti yake ina lebo yenye msimbo wa kuskani kwa programu rasmi ya uthibitisho ya HDMI. Maneno 8K au 2.1 yaliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye kichwa cha waya hayathibitishi lolote. Waya uliokuja ndani ya boksi la PS5 ni wa daraja hilo, nao ndio kipimo cha bei nafuu kuliko vyote, kwa kuwa tayari unao. Kwa bahati mbaya ndio pia ambao hupotea wa kwanza konsoli inapouzwa mkono kwa mkono.

Waya dhaifu hujitambulisha kwa njia zake. Picha huzimika kwa sekunde moja au mbili kisha hurudi, hasa pale mchezo unapoanza na ishara inapopanda kutoka 60 kwenda 120. Vidoti vyeupe huonekana vikimetameta katika sehemu nyeusi za picha. Au hakuna dalili yoyote ya wazi, ila konsoli na runinga hushindwa kukubaliana kwa kasi ya juu na kushuka kimyakimya. Ili kuthibitisha, weka 4K Video Transfer Rate iwe -1: ikiwa kuzimika kumekoma, mashaka yaelekee kwenye waya, kwa sababu umeupunguzia mzigo na umetulia. Usiiache hapo. Badilisha waya na urudishe Automatic. Urefu nao una uzito wake, kwani kwa waya wa kawaida wa shaba ni vigumu kupata uliothibitishwa unaozidi mita tano, na mita mbili zinatosha kwenye meza ya kawaida.

Kwa huku kwetu kuna jambo ambalo maelekezo ya kiwandani hayalitaji, nalo ni vumbi. Katika miezi ya kiangazi upepo wa Dodoma huingiza vumbi laini kila mahali, na tundu lililokaa wazi nyuma ya runinga hujaa bila kuonekana. Zima umeme, pulizia tundu kwa hewa kavu, usitumie mdomo kwa sababu ya mate, na usiingize sindano. Na ikiwa picha huzimika wakati uleule taa ya chumba inapofifia, tatizo ni umeme, si waya.

Mfano mmoja, namba kwa namba

Kijana mmoja wa Area C alinunua runinga ya inchi 55 yenye matundu manne, pamoja na waya wa mita tatu wenye maandishi ya 8K kichwani. Alichomeka kwenye tundu la kwanza kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Video Output Information, mchezo ukiwa unaendelea, ilionyesha 1920 x 1080, 120Hz. Alipompigia muuzaji alijibiwa, "Mdogo wangu, si unaona 120 hiyo hapo? Runinga haina shida." Jibu lilikuwa la kweli kwa nusu.

Waya ulihamishiwa tundu la tatu, lililokuwa na maandishi ya 4K 120Hz. Namba hazikubadilika. Menyu ya runinga ilipofunguliwa, mpangilio wa tundu hilo ulikuwa bado kwenye hali ya kawaida; ukawekwa kwenye hali iliyofunguliwa, konsoli ikazimwa na kuwashwa. Sasa ilisomeka 3840 x 2160, 120Hz, YUV422. Lakini ndani ya mchezo picha ilianza kuzimika kila baada ya dakika chache. Mpangilio wa -1 ulikomesha kuzimika. Waya wa mita tatu ukatolewa, ukawekwa ule wa boksi la konsoli, mpangilio ukarudishwa Automatic, na picha ikatulia kwa jioni nzima ya mchezo.

Tazama kwamba makosa yalikuwa matatu yaliyopangana: tundu, menyu na waya. Kurekebisha moja hakukuleta nafuu yoyote inayoonekana mpaka la pili liliporekebishwa, na hapo la tatu likajitokeza. Ndiyo sababu nashauri kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuandika namba mbili kila mara, ukubwa na kasi. Anayebadilisha vyote kwa pamoja hatajua kama waya ule wa dukani ulikuwa mbovu kweli.

Shahidi wa tatu: kioo

Mpaka hapa tumethibitisha kwamba ishara inafika. Zipo runinga zinazopokea ishara ya hezi 120 kisha zinaruka kila fremu ya pili kwa sababu kioo chao ni cha hezi 60. Konsoli haiwezi kulijua hilo, wala kitufe cha taarifa hakitasema, kwa hiyo shahidi anayebaki ni kamera.

Kabla ya kurekodi, weka runinga kwenye hali ya gemu na uzime ulainishaji wa mwendo, unaoitwa TruMotion kwenye LG na Motionflow kwenye Sony. Usipouzima, runinga inaweza kutunga picha za katikati kutokana na ishara ya 60, na kamera itazihesabu kama picha halali.

Simu nyingi za sasa zinarekodi mwendo wa polepole kwa fremu 240 kwa sekunde. Chagua 240 na uachane na 960, kwa sababu baadhi ya simu huibuni kasi hiyo kwa kuongeza fremu zisizokuwepo. Simamisha simu juu ya kitu kisichotikisika. Ndani ya mchezo, simama karibu na nguzo au ukingo wa mlango wenye mstari mnyoofu, kisha sukuma kijiti cha kulia cha pedi ili mandhari yazunguke kwa kasi isiyobadilika, na urekodi kwa sekunde chache.

Hamishia video kwenye kompyuta kwa waya. Usijitumie kwa WhatsApp, kwa sababu inaibana video na hesabu ya fremu hupotea. Ifungue kwa VLC, isimamishe, na ubonyeze herufi E ili kusogea fremu moja baada ya nyingine. Kaza macho kwenye ukingo wa nguzo katika sehemu moja tu ya kioo, tuseme katikati, maana kioo huchora picha kutoka juu kwenda chini na sehemu ya juu itawahi kubadilika kuliko ya chini.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kamera inapiga mara 240 kwa sekunde. Ikiwa kioo kinabadilika mara 120, ukingo wa nguzo utakaa mahali pamoja kwa fremu mbili za kamera, kisha utaruka. Ikiwa kinabadilika mara 60, utakaa kwa fremu nne. Hapa na pale utaona nne katikati ya mbili nyingi, kwa kuwa mchezo wenyewe hushindwa kufikisha 120 mandhari yanapokuwa mazito, na hilo si kosa la kioo. Lakini ukipata nne, nne, nne mwanzo hadi mwisho, na Video Output Information inasoma 120Hz, na swichi ya 120 FPS Mode imewashwa, basi kioo kinaruka fremu.

Kwa runinga ya yule kijana wa Area C hesabu ilikuwa mbili, na nne chache pale jengo refu lilipoingia kwenye picha.

Bado kuna aina moja ya kioo inayopita kipimo cha kamera na kubaki na kasoro. Ni kioo cha 4K cha hezi 60 kilichotengenezwa ili kichore mistari miwili kwa mpigo mmoja kinapopokea hezi 120. Kasi inapatikana kweli, ila picha hupoteza nusu ya mistari yake ya ulalo. Ili kukigundua, usiangalie mandhari ya mchezo, kwa sababu mchezo wenyewe hushusha ubora ukiwa kwenye fremu 120. Angalia maandishi meupe ya menyu ndogo ya konsoli inayotokea ukibonyeza kitufe cha PS juu ya mchezo. Yapige picha kwa karibu. Kisha weka 120 Hz Output iwe Off, ingia mchezo uleule, na uyapige tena kutoka mahali palepale. Kama kwenye 120 mikunjo ya herufi kama S na O ina ngazi na mistari myembamba ya ulalo imenenepa au imepotea, wakati kwenye 60 ni safi, umekipata kioo cha namna hiyo.

Mnunuzi wa kioo hicho hajaibiwa ikiwa bei ilikuwa ya runinga ya hezi 60, na kwa mchezo wa kukimbizana huenda akakipenda. Ikiwa alilipa bei ya 4K kamili kwa hezi 120, hizo picha mbili za maandishi pamoja na picha ya ukurasa wa Video Output Information ndizo za kwenda nazo dukani, na ni vyema aziandae kabla muda wa kurudisha bidhaa ulioandikwa kwenye risiti haujapita.